Shelfu imeinama mbele ingawa pimamaji ilisema sawa

*Fundi, habari za kazi. Nimenunua shelfu mbili za mbao za kuelea, zile ambazo vyuma vyake vinaingia ndani havionekani. Kila moja ina urefu wa futi nne. Tunaishi Columbus, Ohio, na kuta za nyumba hii ni mbao zilizofunikwa jipsamu, si tofali kama kwetu Morogoro. Ya kwanza niliifunga, pimamaji ikakaa katikati kabisa, nikapanga vitabu vya watoto. Baada ya wiki mbili imeinama mbele, ukiweka penseli inabingirika. Ya pili bado iko kwenye boksi. Nilikosea wapi, na hii ya pili niifungeje isiiname?*

Njema dada, na pole. Pimamaji yako ilisema kweli, ila naamini uliilaza kwa urefu wa shelfu tu, kutoka kushoto kwenda kulia. Shelfu ya nondo zilizofichwa inapimwa pande mbili: kwa urefu, na kutoka ukutani kuja mbele kwako. Huo upande wa pili ndio unaosumbua. Shelfu ya kawaida ina kiegemeo cha pembetatu chini yake, kwa hiyo hata ukuta ukilegea kidogo kuna kitu kinachoizuia isiiname. Yako haina chochote chini. Mzigo wote unaning'inia kwenye bamba la chuma lenye kimo cha kama sentimita 4, na nondo tatu zimechomelewa hapo.

Shika tepu tuone. Kimo cha bamba ni milimita 40, na upana wa shelfu kuja mbele ni inchi 10, yaani milimita 250. Ukingo wa juu wa bamba ukiachana na ukuta kwa milimita 1 tu, au ukingo wa chini ukizama milimita 1 ndani ya jipsamu, ukingo wa mbele wa shelfu unashuka zaidi ya milimita 6. Milimita 1 huioni kwa macho, lakini milimita 6 kila mgeni ataziona, na penseli itabingirika.

Kabla ya kugusa ya pili, acha ile ya kwanza ikuambie iliharibikia wapi. Toa vitabu. Angalia chini au juu ya shelfu karibu na ukuta kama kuna skrubu ndogo inayoishikilia, ifungue, kisha vuta shelfu taratibu mpaka itoke. Sasa una bamba na nondo peke yake. Chukua pimamaji fupi, ile ya inchi 9 inatosha, uilaze juu ya kila nondo kuanzia ukutani. Nondo zikiwa zimeinama, tatizo liko ukutani. Nondo zikiwa sawa na shelfu ndiyo iliyokuwa imeinama, tatizo liko kwenye matundu ya shelfu. Baada ya hapo chukua kipande cha karatasi ngumu ujaribu kukipenyeza nyuma ya bamba kwa juu. Kikiingia, bamba limeng'oka, na sina shaka sana kwamba utakuta hivyo.

Kuna wanaodhani nondo yenyewe ndiyo iliyopinda. Ni nadra. Nondo ya chuma ya nusu inchi inayotoka ukutani sentimita 15, ukiiwekea kilo 5 kwenye ncha, inashuka chini ya nusu milimita. Kinacholegea ni pale chuma kinapokutana na ukuta.

Na ukuta wa jipsamu unalegea kwa sababu moja inayoeleweka ukiipigia hesabu. Tuseme shelfu yako ina kilo 6 na vitabu kilo 12, jumla 18. Uzito huo unakaa kama katikati ya shelfu, sentimita 12.5 kutoka ukutani. Bamba linataka kuzunguka likiegemea ukingo wake wa chini, na skrubu ziko katikati ya bamba, sentimita 2 tu juu ya ukingo huo. Zidisha 18 kwa 12.5, gawanya kwa 2: skrubu zinavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kilo 112 hivi. Kwa hiyo mtu anayesema "shelfu yangu haina uzito" anaupima mzigo kwa mkono, wakati skrubu zinaupata mara sita.

Kama zile skrubu ulizitia kwenye plagi za plastiki zilizokuja ndani ya boksi, sehemu kati ya nguzo na nguzo ya mbao iliyo ndani ya ukuta, basi zimeshikwa na jipsamu ya nusu inchi tu. Jipsamu ni unga uliogandishwa kati ya karatasi mbili. Haivunjiki siku ya kwanza. Inasagika kidogo kidogo kuzunguka plagi, na ndiyo maana ulipata wiki mbili za amani. Plagi hizo zinatosha kwa picha ya ukutani. Kwa shelfu ya nondo usizitegemee hata moja; skrubu zote zinazobeba ziende kwenye mbao.

Sasa tutafute hizo mbao. Ndani ya ukuta wako kuna nguzo za mbao zilizosimama kutoka sakafuni hadi darini. Huko Marekani mbao hiyo inaitwa mbili kwa nne, lakini uso wake unaotazama chumbani una inchi 1½ tu. Kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nyingine mara nyingi ni inchi 16, ingawa kuna kuta zilizojengwa kwa inchi 24. Tepu nyingi za huko zina alama nyekundu kila inchi 16 kwa ajili hiyo. Kwa shelfu ya inchi 48, ukuta wa inchi 16 utakupa nguzo tatu nyuma yake, popote utakapoiweka.

Njia rahisi ya kuanza ni sumaku ndogo yenye nguvu. Ipitishe ukutani polepole mpaka inase. Hapo kuna kichwa cha skrubu iliyofunga jipsamu kwenye nguzo. Ipandishe na kuishusha, utapata nyingine juu na chini, na mstari wao ndio nguzo. Pima inchi 16 kulia na kushoto uone kama sumaku inakubali. Kifaa cha betri cha kutafutia nguzo nacho kinasaidia, lakini kwangu hicho ni cha kukisia, na uthibitisho unaletwa na biti.

Uthibitisho ufanye pale ambapo bamba litafunika. Chukua biti nyembamba ya milimita 2, toboa hapo unapodhani pana nguzo. Kwanza unatoka unga mweupe na drili inaingia kirahisi. Baada ya nusu inchi mojawapo ya mambo mawili litatokea: ama mkono utazama ghafla, maana yake umeingia kwenye uwazi, ama biti itaanza kukaza na unga utageuka rangi ya mbao. Ukipata mbao usiridhike. Sogea milimita 5 kushoto utoboe tena, na tena, mpaka uikose. Fanya hivyo kulia. Sasa una kingo mbili za nguzo, na katikati yake ndipo pa kutia skrubu. Skrubu iliyoshika ukingo wa nguzo kwa milimita 5 itapasua mbao, halafu utafikiri umefunga kumbe hukufunga. Hivyo vitundu vidogo visikutie wasiwasi, bamba litavificha.

Neno la umeme hapa, na ulichukulie kwa uzito. Waya hupanda na kushuka kando ya nguzo juu ya soketi na swichi, kwa hiyo chunguza kama kuna yoyote chini au juu ya pale unapotaka shelfu. Waya pia hupita kwa ulalo kupitia matundu ya katikati ya nguzo. Kanuni za umeme za huko zinataka tundu hilo liwe angalau inchi 1¼ kutoka usoni mwa mbao, na kama liko karibu zaidi, fundi umeme anapigilia kibati cha chuma mbele yake. Ukitoboa na biti ikagonga chuma kisichotoboka, acha hapo hapo. Hicho ni kibati, na nyuma yake kuna waya au bomba. Hamisha shelfu. Kwa sababu hiyo hiyo mimi sipendi skrubu ndefu kupita mahitaji: kwa mzigo wa vitabu vya watoto, skrubu nene ya robo inchi yenye urefu wa inchi 2½ inatosha. Ukitoa unene wa bamba na jipsamu, inchi 1¾ au zaidi inabaki ndani ya mbao. Mahali penye soketi au swichi karibu, tumia ya inchi 2 na uzime umeme wa chumba hicho unapotoboa.

Bamba lako lina matundu ya kiwandani, na huenda hakuna hata moja linaloangukia kwenye nguzo zako. Usilifuate tundu, lifanye tundu lifuate nguzo. Toboa bamba upya kwa biti ya chuma, mahali patatu panapolingana na nguzo zako. Kwa kuwa unatoboa mwenyewe, weka matundu hayo juu kidogo ya katikati ya bamba, kama sentimita 3 kutoka ukingo wa chini. Rudia hesabu ile: zile kilo 112 zinashuka hadi 75, zikigawanywa kwenye nguzo tatu ni 25 kila moja. Sentimita moja tu ya kupandisha skrubu imepunguza mvuto kwa theluthi.

Kabla ya kuchora mstari, ipime pimamaji yenyewe. Ilaze ukutani, chora mstari mfupi kiputo kikiwa katikati, kisha igeuze kichwa kwa mkia uilaze kwenye mstari ule ule. Kiputo kikihama, pimamaji ni mbovu. Na usipime kutoka sakafuni ama darini. Nyumba ya mbao hutulia na kulala kidogo kwa miaka. Ukipima inchi 60 kutoka sakafuni kila upande utahamishia mteremko wa sakafu kwenye shelfu.

Kwenye nguzo tatu toboa matundu ya kutangulia kwa biti ya inchi 5/32, kina kilingane na skrubu. Funga kwanza skrubu ya nguzo ya katikati, isikazwe, bamba liweze kuzunguka. Liweke sawa kwa urefu ukilaza pimamaji juu yake, kisha tia skrubu za pembeni. Kaza zote tatu kwa zamu, kidogo kidogo, na spana ya mkono badala ya drili. Simama pale bamba linapogusa ukuta. Ukiendelea kukaza, chuma kinasaga karatasi ya jipsamu na unapoteza ile milimita tuliyoizungumzia. Utaisikia: mzunguko unaokaza vizuri una ukinzani unaopanda, ukianza kuhisi unakaza lakini ukinzani haupandi, jipsamu inasagika.

Hapa ndipo kazi ya kusawazisha inapoanza, wala si pale ulipochora mstari. Rudisha pimamaji fupi juu ya kila nondo, kutoka ukutani kuja kwako. Ukuta wa jipsamu haujanyooka kama kioo. Pale bodi mbili zinapoungana kuna lipu iliyoinuka kidogo, na nguzo moja ikiwa imepinda inasukuma tumbo mbele. Kwa hiyo unaweza kukuta nondo ya kushoto iko sawa, ya katikati imeinama, ya kulia imeinuka, zote kwenye bamba moja. Dawa yake ni kabari nyembamba nyuma ya bamba, kwenye nguzo, karibu na skrubu. Nondo ikiwa imeinama, kabari inakaa nyuma ya ukingo wa chini wa bamba. Ikiwa imeinuka, inakaa nyuma ya ukingo wa juu.

Kabari nzuri kuliko zote kwa kazi hii ni bati la kopo la soda. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Likate kwa mkasi vipande vya upana wa vidole viwili (vaa glavu, kingo zake ni kali), legeza skrubu, penyeza kipande, kaza, pima. Kila tabaka moja linainua ukingo wa mbele kwa zaidi kidogo ya nusu milimita. Ikihitajika milimita 3, weka matabaka matano. Watu hutumia karatasi ya boksi kwa sababu iko karibu, lakini karatasi inabanwa na kuendelea kusinyaa, na mwezi ujao utakuwa pale pale ulipoanzia.

Usiishie kwenye usawa kamili. Iache ncha ya nondo iwe juu kidogo, milimita 1 kwa urefu wake wote. Shelfu ikipata mzigo, karatasi ya jipsamu na nyuzi za mbao zinajibana kidogo kila moja, na ile milimita inaliwa.

Halafu pima umbali kati ya nondo na nondo mahali zinapotoka kwenye bamba, upime tena kwenye ncha zake. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 1, ukuta una tumbo na bamba limejikunja kulifuata, na shelfu itagoma kuingia. Wengi hapo wanachukua nyundo. Usiigonge. Shelfu ikilazimishwa inaingia ikiwa imepindika, na kiputo chako cha urefu kitakuwa tofauti kila inchi kumi. Rudi kwenye kabari, ulinyooshe bamba.

Sasa matundu ya shelfu yenyewe. Ingiza nondo moja kwenye tundu lake uitikise. Ulegevu mdogo ni wa kawaida na hauna madhara, kwa sharti moja: nondo ivuke nusu ya upana wa shelfu. Shelfu yako ina sentimita 25. Nondo ikiwa na sentimita 15 au zaidi, uzito unakaa juu ya nondo na dari ya tundu inailalia yote. Nondo ikiwa na sentimita 10 tu, uzito unakuwa mbele ya ncha yake, shelfu inazunguka kwenye ncha hiyo, na ulegevu wote unajitokeza kama mwinamo. Kama za kwako ni fupi namna hiyo, zungushia nondo tepu ya alumini ile ya mabomba ya hewa, tabaka moja moja, mpaka shelfu iingie kwa kusukuma kwa viganja. Kama ni sentimita 8 kwenda chini, kwa maoni yangu irudishe dukani. Hakuna ufundi utakaoifanya ibebe vitabu.

Ukishaisukuma mpaka nyuma yake ikaguse ukuta, pima tena pande zote mbili, juu ya shelfu yenyewe, mwishoni kushoto, katikati na kulia. Halafu panga vitabu, vizito nyuma kabisa vikigusa ukuta, na vile vya juu ya nguzo za pembeni vilingane. Kitabu kinachosogezwa kutoka mbele kuja ukutani kwa sentimita 8 kinapunguza mvuto wake kwenye skrubu kwa karibu nusu. Na uhesabu uzito: safu ya futi moja ya vitabu vya watu wazima vilivyosimama inaweza kufika kilo 10, kwa hiyo shelfu nzima ikijaa vinafika kilo 40. Hiyo inapita kile ninachokuelekeza hapa, na mara nyingi inapita hata kiwango kilichoandikwa kwenye boksi. Soma kile kiwango, na ukumbuke kinahesabiwa kwa bamba lililofungwa kwenye nguzo.

Ile ya kwanza inaweza kuokolewa. Fungua bamba, tafuta nguzo kama nilivyoeleza, na utazame jipsamu pale ukingo wa chini ulipokuwa umekaa. Ukiona mfereji uliozama au karatasi iliyochanika, usilirudishe bamba pale pale hata kama skrubu mpya zinaingia kwenye mbao, maana ukingo hauna pa kuegemea. Pandisha shelfu kwa kimo chote cha bamba, sentimita 4 au 5, kwenye karatasi nzima. Mashimo ya plagi yatakayobaki wazi yajaze kwa lipu ya jipsamu, ikauke, piga msasa, paka rangi. Kama ni nyumba ya kupanga, mwenye nyumba ajue kabla hujatoboa tena.

Fanya ya pili kwanza, na ya kwanza uipandishe ukiipima kutoka kwa hiyo. Baada ya wiki moja laza pimamaji fupi tena kutoka ukutani kuja mbele. Ikiwa imeshuka chini ya milimita 1, imetulia. Ikishuka zaidi na karatasi ngumu inaingia nyuma ya bamba kwa juu, kuna skrubu moja iliyokosa nguzo, na itakuwa ile ya upande ulioshuka zaidi.